Mwiba wa Nyuki: Uvimbe Mkubwa na Hatari ya Kweli

1. Mwiba na sumu

Nyuki ana mwiba mwembamba nyuma ya tumbo lake. Mwiba huo una vimeno kama vya ndoana. Ukiisha kuingia katika ngozi ya mtu, hautoki tena. Nyuki akijaribu kuruka, mwiba unabaki ndani ya ngozi pamoja na kifuko kidogo cha sumu, na nyuki mwenyewe anakufa. Kifuko kile, ingawa kimekatika, kinaendelea kusukuma sumu kwa muda mfupi, karibu nusu dakika. Basi, ukiumwa na nyuki, ondoa mwiba mara moja. Uukwangue kwa ukucha au uung'oe kwa vidole, ni mamoja. Lililo kubwa ni upesi.

Mwiba wa nyigu ni laini. Nyigu anauchomoa na anaweza kuuma tena na tena. Kwa hiyo, mahali palipoumwa na nyigu kwa kawaida hakuna mwiba wa kutafuta.

2. Mkono uliovimba

Tuchukue mfano. Msichana wa darasa la nne anaokota kuni siku ya Jumatatu, saa nne ya asubuhi. Nyigu anamwuma mkono, juu ya vidole. Mara anasikia maumivu makali, na panatokea uvimbe mdogo kama sarafu. Anaosha mkono kwa maji na sabuni, kisha anaendelea na kazi yake.

Jioni uvimbe umefika kwenye kifundo cha mkono. Jumanne asubuhi umepanda mpaka karibu na kiwiko. Vidole vimekuwa vinene, ngozi ina joto na inawasha sana. Nyanya yake anaogopa, anasema:

— Sumu inapanda kwenda moyoni! Leteni wembe, tumchanje.

Kaka yake mkubwa anajibu kwa heshima:

— Nyanya, uniwie radhi. Tumwulize kwanza maneno matatu.

Anamgeukia dada yake:

— Unapumua vizuri?

— Ndiyo, kaka.

— Unasikia kizunguzungu, au kutapika?

— Hapana. Nimekula uji wote.

— Umevimba au unawashwa mahali pengine, mbali na mkono huo?

— Hapana. Ni mkono huu tu.

— Basi, nyanya, mkono wake ni mgonjwa, lakini mwili wake ni mzima. Tusimkate.

Kaka amesema kweli. Uvimbe ukizidi sentimeta 10, yaani ukiwa mpana kuliko kiganja cha mtu mzima, tunauita uvimbe mkubwa. Unaumiza na kutisha, lakini umeshikamana na mahali palipoumwa. Ulianza pale, ukasambaa polepole kutoka pale, wala haukuruka kwenda mahali pengine. Uvimbe wa namna hiyo huongezeka siku ya kwanza na ya pili, kisha hupungua, na huisha baada ya siku 5 mpaka 10. Haupeleki sumu moyoni.

Wanafanya nini nyumbani? Wanamvua bangili na pete kabla vidole havijavimba zaidi, maana baadaye hazitatoka. Wanaweka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 10, wanapumzisha, kisha wanarudia. Usiku analala mkono ukiwa juu ya mto. Kaka anachora mstari kwa kalamu kuzunguka ukingo wa uvimbe, na anaandika saa pembeni. Kwa njia hiyo kila mtu anaona kama uvimbe unakua au unapungua, wala hawabishani tena.

Hawamchanji kwa wembe, hawapaki udongo wala mavi ya ng'ombe, hawafungi kamba. Sumu imekwisha kuingia katika nyama. Kidonda cha wembe hakiwezi kuitoa. Lakini udongo katika kidonda unaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua.

Jumatano uvimbe umefika mwisho wake. Alhamisi ukingo umerudi ndani ya mstari wa kalamu, na ngozi inaanza kukunjana. Juma linalofuata msichana anaandika tena kwa mkono ule ule.

Je, joto na wekundu ni alama ya usaha? Siku mbili za kwanza, kwa kawaida siyo. Ni kazi ya sumu tu. Lakini kama uvimbe ulikuwa umeanza kupungua, kisha siku ya tatu au ya nne unakua tena, unauma zaidi, unatoa usaha au unaleta homa, hapo mtoto aende kwenye kituo cha afya. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hauonekani sana. Gusa kwa mkono, usikie joto na ugumu.

3. Mjomba na mzinga

Sasa tutazame mfano wa pili. Mjomba anarina asali pamoja na mpwa wake. Nyuki mmoja anamwuma shingoni. Mjomba anautoa mwiba na kucheka, maana ameumwa mara nyingi tangu ujana wake.

Baada ya dakika 5 viganja vyake vinamwasha, pia nyayo. Anafunua shati: tumboni na mgongoni pametokea mabaka yaliyoinuka, kama ya mtu aliyeguswa na upupu. Midomo inavimba, ingawa nyuki hakuuma midomo. Anatapika. Sauti yake inakwaruza, naye anasema kwa shida:

— Mwanangu, kifua kimebana. Macho yananizunguka.

Mpwa anatazama shingo: uvimbe pale si mkubwa kuliko punje ya hindi. Angalia vizuri jambo hili! Udogo wa uvimbe haukumkinga mjomba. Dalili zake ziko mbali na mahali palipoumwa, nazo zimekuja kwa dakika, si kwa siku. Hiyo ndiyo hatari ya kweli.

Mpwa anamlaza mjomba chini na kuinua miguu yake juu ya gogo. Anaita watu kwa sauti kubwa. Mmoja anapiga simu na kwenda kwa pikipiki kumwita muuguzi, aje na dawa. Wengine wanatengeneza machela. Mjomba anataka kusimama.

— Niache, nitatembea mwenyewe.

— Hapana, mjomba. Lala. Tutakubeba.

Kwa nini asitembee? Kwa sababu damu yake imepoteza nguvu ya kusukumwa. Akisimama ghafula, damu inashuka miguuni, moyo unabaki karibu mtupu, naye anaweza kufa palepale. Kama mgonjwa anashindwa kupumua akiwa amelala, aketi akiwa ameegemea kitu, miguu ikiwa imenyooka mbele. Lakini asisimame, wala asitembee. Akizimia huku anapumua, alazwe ubavu, ili matapishi yasimzibe.

Muuguzi anawakuta njiani. Haanzi na vidonge. Anachukua dawa inayoitwa adrenalini na kuipiga sindano katika nyama ya paja, upande wa nje, katikati. Baada ya dakika 5 kifua bado kimebana. Anapiga sindano ya pili. Sauti ya mjomba inarudi. Wanambeba mpaka kituoni, akiwa bado amelala, na anabaki huko mpaka kesho yake. Maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, hata kama mgonjwa anasema amepona.

Vidonge vya kuzuia mwasho vinapunguza mabaka, lakini vinachelewa, wala havifungui koo, wala haviinui nguvu ya damu. Kumpa mjomba vidonge na kungoja kungekuwa kumpotezea dakika zake.

4. Kwa nini mmoja huvimba mkono, na mwingine huanguka?

Katika mwili wetu mna walinzi wanaopigana na vitu vigeni. Sumu ikiingia, walinzi walio karibu wanaamka na kufungua vijishipa vya damu. Maji ya damu yanavuja katika nyama, na mahali pale panavimba. Ndivyo ilivyokuwa kwa msichana: vita ilikuwa kubwa, lakini ilipiganwa katika mkono mmoja.

Kwa mjomba, vita ilianza mahali pote kwa mara moja. Mwili wake ulikuwa umejifunza sumu ya nyuki katika siku zilizopita, nao ukaichukia kupita kiasi. Mishipa ilivuja na kulegea katika mwili mzima, kwa hiyo nguvu ya damu ikashuka. Njia za hewa zilivimba na kubana. Adrenalini inakaza mishipa, inafungua njia za hewa na kuupa moyo nguvu. Ndiyo sababu inatangulia dawa zote.

Je, msichana ataanguka akiumwa tena? Yamkini atavimba vilevile. Katika watu 100 waliopata uvimbe mkubwa namna hiyo, karibu 5 mpaka 10 tu wanaweza kupata ugonjwa wa mwili mzima siku nyingine. Basi asiishi kwa hofu, lakini watu wa nyumbani wazijue dalili. Mjomba ni tofauti: hatari yake ni kubwa zaidi. Aache kurina asali mpaka mganga amshauri, na jirani zake wajue habari yake.

5. Mambo matatu yasiyofuata kanuni

Kwanza, mtu akiumwa ndani ya kinywa au kooni, kwa mfano nyuki alipokuwa ndani ya kikombe, hata uvimbe wa mahali pamoja unaweza kuziba hewa. Aende upesi kwenye kituo cha afya.

Pili, mtu akiumwa na makumi ya nyuki, wingi wa sumu wenyewe unamdhuru, na figo zinaweza kuharibika baadaye. Aende kupimwa hata kama anajisikia vizuri. Zaidi sana akiwa mtoto mdogo.

Tatu, mwiba katika jicho lenyewe ni kazi ya mganga. Lakini mwiba wa paji la uso au wa kope unaweza kufumba jicho zima kwa uvimbe, na kwa kawaida uvimbe huo unaisha wenyewe.

Tukumbuke

Uvimbe unaokua polepole na kushikamana na mahali palipoumwa: maji baridi, kupumzika, kungoja na kutazama.
Dalili zinazokuja upesi mbali na mahali palipoumwa, yaani mabaka mwilini, midomo au ulimi kuvimba, sauti kukwaruza, kifua kubana, kutapika, kizunguzungu: mlaze mgonjwa, umwite muuguzi, adrenalini bila kukawia.

Maneno

*Mabaka*: madoa mapana yaliyoinuka juu ya ngozi na kuwasha.
*Machela*: kitanda cha kubebea mgonjwa.
*Kurina*: kutoa asali katika mzinga.

Maulizo

1. Kwa nini tunaondoa mwiba wa nyuki upesi?
2. Kaka aliuliza maneno gani matatu? Kila neno lilitafuta dalili gani?
3. Mstari wa kalamu ulisaidia nini?
4. Uvimbe wa mjomba shingoni ulikuwa mdogo. Kwa nini yeye alikuwa katika hatari kuliko msichana?
5. Kwa nini mpwa alimkataza mjomba asisimame?
6. Mtoto ameumwa mguuni jana. Leo mguu umevimba mpaka goti, lakini anacheza na kula. Mtoto mwingine ameumwa sasa hivi kidoleni, naye anakohoa na kutapika. Utamkimbilia nani kwanza? Utafanya nini kwa kila mmoja?