Nafasi ya Mbele Yako Ndiyo Breki ya Aliye Nyuma

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka Dar kwenda msibani Morogoro, na tulipopita mizani ya Vigwaza nikajikuta nimebanwa mbele na nyuma. Mbele yangu kulikuwa na semi limeshiba mzigo, linajivuta kwa kilomita 60 kwa saa. Nyuma kulikuwa na gari kubwa jeusi lililonisogelea mpaka namba zake hazionekani kwenye kioo. Dereva anawasha ful, anazima, anawasha tena, halafu honi. Kipande kile ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na malori yanayotoka Zambia na Kongo yalikuwa yanakuja mfululizo upande wa pili. Pa kupita hapakuwepo, na yeye alikuwa anaona kama ninavyoona mimi.

Shangazi yangu, aliyekaa pembeni yangu, akageuka nyuma, akanigeukia mimi. "Baba, hebu piga breki kidogo ashtuke huyo."

Nikamwambia, "Hapana shangazi. Nikipiga breki, atakayeingia humu ndani ni yeye."

Ushauri ule wa shangazi ndio ambao kila dereva wa nchi hii amewahi kuusikia, na wengi wanautumia. Nauchukia kwa dhati. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde. Yule bwana alikuwa mita nne nyuma yangu, yaani robo ya sekunde. Mtu aliye macho kabisa huhitaji kama sekunde moja, mara nyingine moja na nusu, kuanzia anapoona taa nyekundu mpaka mguu wake unapoanza kukandamiza breki. Kwa hiyo ukimpigia breki ya kumkomoa, hashtuki. Anakugonga kabla hata hajajua kuwa ameshtuka, na wewe unasukumwa chini ya semi.

Sasa basi, nilichofanya. Niliondoa mguu kwenye mafuta, taratibu, bila kugusa breki, nikaliacha semi linikimbie. Kwa kawaida naacha sekunde tatu kati yangu na aliye mbele. Nachagua nguzo au kibao pembeni mwa barabara, mkia wa gari la mbele ukikipita naanza kuhesabu kimoyomoyo: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Nikifika kwenye kibao kabla sijamaliza, nimekaribia mno. Siku ile niliongeza mpaka zikawa sekunde tano, ambazo kwa mwendo ule ni zaidi ya mita 80.

Najua inasikika kinyume. Mtu ana haraka, anakupigia honi, halafu wewe unazidi kuachana na aliye mbele? Lakini fikiria nafasi ile inafanya kazi gani. Kwanza, semi likisimama ghafla, mimi nina mita 80 za kusimama polepole. Nikisimama polepole, na yule wa nyuma ana muda wa kusimama. Yeye amekataa kujiachia nafasi ya breki, kwa hiyo namwachia mimi, mbele ya gari langu. Pili, nampa mahali pa kwenda. Semi lenye tela ni mita 18 mpaka 20 na zaidi. Mimi nikiwa nimeligandia, yeye akitaka kupita inabidi atupite wote wawili kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo watu wanapokutana uso kwa uso na basi. Nafasi ikiwepo, ananipita mimi peke yangu, anaingia katikati, anapumua, halafu anatafuta namna ya kulipita semi.

Kwa dakika moja hivi hasira zake zilizidi. Hilo litegemee, na ndipo wengi wanaposhindwa: honi zinaongezeka, wanadhani mbinu imekataa, wanakanyaga mafuta na kuiziba nafasi waliyoitengeneza. Mimi nilishika mwendo uleule. Kile kioo cha ndani kina kikonyo kidogo chini yake cha kupunguza mwanga usiku. Nilikivuta ingawa ilikuwa mchana, taa zake zikafifia. Si kwamba niliacha kumwangalia, kwani vioo vya pembeni vinatosha. Ila ule mwanga wa ful unapokupiga usoni kila mara ni sawa na mtu anayekutukana sikioni, na hakuna sababu ya kuukubali.

Sikumwashia indiketa ya kushoto kumwambia apite. Madereva wa malori wanafanya hivyo, kushoto pita, kulia usipite, na wengi wao wana nia njema. Mimi sifanyi. Mimi sioni anachokiona yeye, sijui injini yake ina nguvu kiasi gani, na kuna wanaosoma indiketa kwa maana yake ya kawaida, kwamba nageuka. Kazi yangu ni kumwachia nafasi. Kuamua kupita ni kazi yake.

Malori ya upande wa pili yalipokatika, akatoka. Alipofika usawa wangu akapunguza mwendo ili anitazame, na nilimwona kwa pembe ya jicho mkono umepanda juu. Sikumgeukia. Macho yangu yalikuwa kwenye semi, na mguu nikauinua kidogo tena ili amalize haraka, maana pale kila sekunde anayokaa upande wa kulia ni hatari yangu pia. Akaingia mbele yangu. Nikaanza kuhesabu upya nyuma yake: elfu moja na moja.

Shangazi akasema, "Kumbe umemfukuza kwa kumpisha."

Chalinze tukamkuta kituo cha mafuta. Akanijia, bado ana moto. "Mzee, barabara si ya kwako peke yako." Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Samahani kaka, lile semi lilinibana, sikupata pa kukupisha mapema." Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu mita nne zake, na yote ni kweli, ila sikuyasema, kwa sababu mtu mwenye hasira akipewa hoja anatafuta hoja nyingine, lakini akiombwa radhi anakosa pa kushika. Akainama dirishani, akaona khanga ya msiba ya shangazi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, pole na safari." Akasimama pale kidogo, akasema poleni na msiba, akaenda zake.

Basi nizitaje hatua za kufuata. Zijue dalili zako mapema. Zangu ni kushika usukani kwa nguvu mpaka mabega yanapanda, na kuanza kumsemesha mtu ambaye hanisikii. Zikija, nalegeza vidole na kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko ninavyoivuta. Usimtazame usoni, usijibu ishara. Hayo yanajulikana.

Kinachostahili maneno zaidi ni foleni ya mjini, kwa sababu hapo kila mtu ananiambia mbinu yangu haifai: ukiacha nafasi, daladala linachomekea. Ni kweli, linachomekea. Wacha tuhesabu hasara. Gari moja likiingia mbele yako, unarudi nyuma kwa urefu wake na nafasi ya kuachia, kama sekunde mbili au tatu za safari yako. Kati ya Mwenge na Posta wakichomekea kumi, umepoteza nusu dakika. Ishirini, dakika moja. Taa moja ya trafiki inakula zaidi ya hapo. Kinachotuuma si ile nusu dakika, ni kuona mtu amechukua kitu tulichodhani ni chetu. Nilipoanza kuilinda ile nafasi kama muda, si kama kiwanja, hasira zangu za foleni zilipungua sana, kwa sababu muda naweza kuurudisha kila mara kwa kuinua mguu.

Barabara kuu hesabu ni ileile. Kilomita 30 kwa mwendo wa 70 ni kama dakika 26. Kwa mwendo wa 90 ni dakika 20. Yule bwana wa Vigwaza alikuwa anahatarisha familia mbili kwa ajili ya dakika sita, na mizani, vijiji vya 50 na trafiki vingezila zote.

Wanaotanua, wale wanaopita pembeni kwenye mchanga na kuja kujiingiza mbele, wananikera kuliko wote, na sisemi kwamba wana haki. Wanawapitia waenda kwa miguu na wauza mahindi. Lakini kumzibia njia kwa bampa hakumrudishi nyuma. Kunamwacha amekaa nusu kwenye lami nusu pembeni, na bodaboda inayokuja kwa kasi ndiyo inayolipa.

Kuna ugomvi mwingine unaonunuliwa dukani. Pale Kariakoo utauziwa balbu za taa nyeupe za LED kwa maneno matamu, eti usiku utaona kama mchana. Muuzaji mmoja alinifuata mpaka kwenye gari akinisihi. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Taa nyingi za magari yetu ya zamani zimetengenezewa balbu ya halojeni, na kioo chake cha ndani kinategemea mwanga utoke mahali palepale pa waya wa balbu ile. Ukiweka LED isiyolingana, mwanga unatawanyika juu na kumpiga anayekuja machoni, hata kama umewasha taa za chini. Naye anadhani umemwashia ful makusudi, anakuwashia zake, unamjibu, na mnapishana wawili msioona kitu.

Jirani yangu aliyeweka balbu hizo alilalamika kwamba madereva wa usiku wana chuki, kila mtu anamwashia. Tulilipeleka gari mahali tambarare, usiku, mita 10 kutoka ukutani, tukawasha taa za chini. Taa nzuri inachora ukutani mstari unaoeleweka, juu giza chini mwanga, na mstari huo unakaa kama sentimita 10 chini ya urefu wa taa zenyewe. Zake zilikuwa hazina mstari kabisa. Ukuta wote ulikuwa mweupe mpaka juu. Akarudisha balbu za halojeni, fundi akazishusha kwa skrubu ya nyuma ya taa, na ile chuki ya madereva wa usiku ikaisha.

Na kama mtu amekataa kabisa kuachana nawe, anakufuata kila unapokata kona, usiende nyumbani ukamwonyesha unapoishi. Nenda kituo cha polisi, au kituo cha mafuta chenye watu na taa, milango ikiwa imefungwa, ukipiga 112 ukiwa ndani ya gari. Ukisimama njiani kwenye foleni, simama mahali ambapo bado unaona matairi ya nyuma ya gari la mbele yakigusa lami. Hapo una nafasi ya kukata usukani na kutoka bila kurudi nyuma.