Hipo si Hiper: Kulipasua Neno la Daktari



Sisi wa masomo ya Kiislamu tumezoezwa kutafuta mzizi. Ukiona kitabu, maktaba na katibu, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kaf, ta na ba, na irabu unaziacha zipite. Mazoea hayo ndiyo yaliyonikosesha Ramadhani iliyopita.

Mwenzangu wa chumba, anayetoka Bujumbura, ana kisukari na hujidunga insulini. Siku moja baada ya Alasiri alianza kutetemeka, shati likaloa jasho, na maneno yake yakawa hayaeleweki. Tukakumbuka karatasi yake ya zahanati, iliyoandikwa kwa Kifaransa. Kulikuwa na neno moja refu lililopigiwa mstari. Nikalitazama upesi, nikaona "hiper", nikawaambia wenzangu kwamba sukari imepanda, asipewe kitu kitamu. Kwani si ana kisukari?

Karatasi ilisema hipoglisemia.

Neno la namna hii halifanyi kazi kama la Kiarabu. Kiarabu kinapitisha herufi za mzizi ndani ya neno, Kigiriki kinaunganisha vipande kama mabehewa, na kila behewa linabaki na maana yake. Kwa hiyo usitafute konsonanti tatu. Kata neno, kisha uanzie mwisho. "Emia" inatokana na neno la Kigiriki la damu, nayo inakuambia kwamba habari yote hii imo ndani ya damu. Katikati kuna "glis", kutoka neno la Kigiriki la utamu, yaani sukari. Mwanzo ni "hipo", chini. Sukari ya damu iko chini. Ingekuwa "hiper", ingekuwa imepanda. Kwenye karatasi ya Kifaransa au ya Kiingereza utaikuta herufi y mahali pa i, lakini vipande ni vile vile, ndiyo maana mimi nisiyejua Kifaransa niliweza kuisoma. Hipo na hiper zote zina h na p. Aliyezoea kuruka irabu anaziona ni moja, na tofauti yake ni kumpa mtu sukari au kumnyima.

Niliposoma tena kwa kidole, kipande baada ya kipande, tulimchoma kidole kwa kipimo chake. Kilisoma 3.1 mmol/L. Waganga wanaoshughulikia saumu ya wenye kisukari wanasema ikishuka chini ya 3.9 afungue hapo hapo, hata kama Magharibi imebaki nusu saa. Tukakoroga sukari vijiko vinne vya chai ndani ya maji, karibu gramu 15. Alikuwa bado anaweza kumeza. Angekuwa amezimia tusingemtilia kitu mdomoni, tungemkimbiza hospitali. Baada ya dakika 15 tukapima tena, ikawa 4.4. Saumu ile aliilipa baada ya Idi, kwa ruhusa iliyo katika Al-Baqara aya ya 184.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikata kila neno ninalokutana nalo. Toa "glis", weka "kal", unapata hipokalemia: potasiamu ya damu iko chini. "Kal" ni kaliumu, jina la Kilatini la potasiamu, nalo limetoka katika Kiarabu al-qali, majivu ya mmea. Nilicheka peke yangu maktabani. Weka "uria", mkojo, mahali pa "emia", unapata glikosuria, sukari kwenye mkojo. Hapo "glis" imegeuka "glikos", lakini ni ile ile.

Ila vipande vina mipaka yake. "Hipo" mara nyingine si upungufu bali ni mahali: sindano ya hipodermiki ni ya chini ya ngozi, haimaanishi ngozi imepungua. Anemia ukiikata inakuambia "bila damu", na hakuna mtu anayetembea bila damu. Wanachopima ni hemoglobini iliyopungua. Na kubwa zaidi, neno halikuambii sababu. Hipoglisemia haikutuambia kwamba mwenzetu alijidunga kipimo chake cha kila siku cha insulini ilhali daku alikuwa amekula tende mbili tu. Hilo alitueleza mwenyewe baada ya kuzinduka. Kesho yake alirudi zahanati, daktari akampunguzia kipimo cha daku, na karatasi mpya ikaja na neno jingine refu, nefropatia. Safari hii karatasi aliishika mwenyewe, akaanzia mwisho: "patia", ugonjwa. Kisha akaniuliza "nefro" ni nini.

Figo, nikamwambia.