Kikomo cha Sauti na Onyo la Simu: Namna ya Kuvitumia Kulinda Masikio ya Kijana

Mama mmoja anafika kliniki ya masikio na mwanawe wa miaka 15. Kijana analalamika kwamba kila jioni akitoka shule masikio yanavuma, na sauti za watu anazisikia kana kwamba zinapita kwenye pamba. Asubuhi hali inakuwa imetulia. Mhudumu anapouliza kuhusu hedifoni, mama anajibu kwa uhakika: “Simu yake ina onyo la sauti kubwa, daktari. Hutokea mara moja tu kwa wiki, siku ya Jumatano, naye hupunguza. Kwa hiyo sidhani kama tatizo ni simu.”

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kosa lililomo ndani yake ni la kawaida. Mama ameliamini onyo ambalo halikupimwa kwa masikio ya mtoto. Makala haya yanaeleza onyo hilo linahesabu nini, linatofautianaje na kikomo cha sauti, na jinsi mzazi anavyoweza kuvipanga vyote viwili kwa ajili ya kijana wake.

Posho ya sauti ya wiki

Sikio la ndani lina kiungo kilichojikunja kama konokono, kiitwacho koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Seli hizo zikichoshwa, mtu husikia mvumo au uzito wa masikio kwa muda, kisha hupata nafuu. Zikichoshwa mara kwa mara, baadhi hufa, na kwa binadamu seli zilizokufa haziotei tena.

Kinachoziumiza ni ukali wa sauti pamoja na muda wa kuisikiliza. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika kiwango chao cha mwaka 2018 kuhusu vifaa vya kusikilizia, waliweka kipimo kinachofanana na posho ya wiki. Mtu mzima ana posho ya saa 40 kwa wiki katika ukali wa desibeli 80. Mtoto ana saa 40 kwa wiki katika desibeli 75.

Kanuni ya kutumia posho hiyo ni rahisi. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda hupungua kwa nusu. Zikiongezeka 10, muda hubaki sehemu moja tu ya kumi. Basi mtoto mwenye saa 40 katika desibeli 75 ana saa 4 tu katika desibeli 85, na dakika 24 tu katika desibeli 95. Hizo ni dakika za wiki nzima, wala si za siku moja.

Kwa nini onyo la Jumatano lilichelewa

Turudi kwa kijana wetu. Anatumia iPhone aliyoachiwa na mjomba wake, pamoja na hedifoni za kampuni ileile. Mhudumu anamwomba afungue programu ya “Health”, aingie “Browse”, kisha “Hearing”, halafu “Headphone Audio Levels”. Hapo panaonekana ukali wa sauti aliyosikiliza siku hadi siku. Akiwa nyumbani jioni husikiliza kwa desibeli 75 hivi, kama saa moja. Ndani ya daladala, anakokaa dakika 45 kwenda na dakika 45 kurudi, hupandisha hadi 90 ili muziki ushinde mngurumo wa injini na makelele ya abiria.

Katika desibeli 90, posho ya mtoto ni takriban saa moja na robo kwa wiki. Kijana huyu hukaa saa moja na nusu ndani ya daladala kila siku ya shule. Maana yake ni kwamba posho yake ya wiki nzima imekwisha kabla hajashuka kituoni Jumatatu jioni.

Onyo la simu, hata hivyo, huhesabu kwa posho ya mtu mzima: desibeli 80 kwa saa 40 ndani ya siku 7. Katika desibeli 90 posho hiyo ni saa 4, nazo hutimia siku ya tatu ya safari, yaani Jumatano. Simu haikukosea hesabu, bali ilimhesabia kijana kama mtu mzima. Onyo linapotokea, mtoto amekwisha kutumia zaidi ya mara tatu ya posho yake.

Katika simu nyingi za Android onyo ni la namna nyingine. Hutokea pale mtumiaji anapopandisha sauti kupita kiwango fulani akiwa na hedifoni, na humwuliza kama kweli anataka kuendelea. Kijana akigusa “OK”, kizuizi huondoka, na swali hurudi tu baada ya kusikiliza kwa saa 20. Onyo kama hilo hukumbusha tu. Kinachozuia ni kikomo, tena kile kilichofungwa kwa namba ya siri.

Kuweka kikomo na kukifunga

Kwenye iPhone, fungua “Settings”, kisha “Sounds & Haptics”, halafu “Headphone Safety”. Washa “Reduce Loud Audio”; katika matoleo mengine imeandikwa “Reduce Loud Sounds”. Patatokea mstari wa kusogeza wenye namba kuanzia desibeli 75 hadi 100. Hapa wazazi wengi huchagua 85, kwa kuwa wameisikia ikitajwa kuwa salama. Namba hiyo hutumika sana katika kanuni za viwandani, ambako mfanyakazi mtu mzima huruhusiwa kukaa kwenye kelele hiyo saa 8 kwa siku. Kwa mtoto mwenye hedifoni, 85 humaliza posho kwa saa 4 za wiki. Kwa hiyo chagua 75. Ikiwa kijana husikiliza kwa muda mfupi na mzazi anafuatilia, 80 inaweza kukubalika, kwani humwachia saa 12 na nusu hivi kwa wiki.

Kisha funga. Rudi kwenye “Settings”, ingia “Screen Time”, weka namba ya siri ambayo mtoto haijui, fungua “Content & Privacy Restrictions” na uiwashe. Tafuta tena jina lile la kupunguza sauti kali, na uchague “Don't Allow”. Kuanzia hapo kijana hawezi kukisogeza kikomo pasipo namba yako.

Kwenye simu za Samsung, fungua “Settings”, kisha “Sounds and vibration”, halafu “Volume”. Gusa vidoti vitatu juu ya skrini, uchague “Media volume limit”, uwashe, usogeze mstari, kisha uweke namba ya siri kwenye “Set volume limit PIN”. Mstari huu hauonyeshi desibeli. Anza kwenye asilimia 60 ya urefu wake au chini zaidi, kisha ujaribu. Kijana avae hedifoni, aweke muziki hadi mwisho wa kikomo, nawe usimame umbali wa mkono mmoja katika chumba kitulivu na umsemeshe kwa sauti ya kawaida. Asipokusikia, shusha kikomo. Jaribio hili ni la kukadiria tu, na halifai kwa hedifoni zinazoziba sikio sana, kwa sababu hizo huzuia sauti yako hata muziki ukiwa mdogo.

Zipo simu zisizo na kikomo cha kufungwa. Kwa simu hizo hedifoni za watoto zenye kikomo ndani yake husaidia, lakini soma namba kwenye boksi: nyingi huishia 85, na sasa unajua 85 inampa mtoto saa ngapi.

Yanayoharibika baadaye

Katika mfano wetu, mama aliweka 75. Siku mbili baadaye kijana akalalamika kwamba ndani ya daladala hasikii kitu. Lalamiko hilo lisipuuzwe, kwa sababu kijana asiyesikia hutafuta njia ya kukwepa. Walikubaliana mambo mawili: kikomo kiwe 80, na kijana atumie hedifoni ndogo zenye vipira vinavyokaa sawasawa sikioni, ili kelele za nje zipungue na muziki usihitaji kupandishwa. Hizo azivue akishuka, maana barabarani anahitaji kusikia magari. Kwa mpango huo saa zake 7 na nusu za safari katika desibeli 80, na saa 7 za jioni katika 75, hutumia kama robo tatu tu ya posho ya wiki.

Wiki ya tatu mama alifungua tena “Headphone Audio Levels” akakuta siku mbili tupu, ingawa alimwona kijana na hedifoni masikioni. Siku tupu kama hizo ni dalili ya kufuatilia. Kijana alikuwa ameazima hedifoni za Bluetooth za rafiki yake, nazo simu ilizitambua kama spika. Simu haihesabu wala kuzuia sauti inayodhani inatoka kwenye spika. Dawa yake ni kufungua “Settings”, kisha “Bluetooth”, kugusa alama ya “i” kando ya jina la kifaa, na katika “Device Type” kuchagua “Headphone”. Aidha, kwa hedifoni za kampuni nyingine desibeli zinazoonyeshwa ni makadirio, hivyo kikomo kiwe cha chini zaidi. Tukumbuke pia kwamba kikomo kimo ndani ya simu. Hedifoni zilezile zikichomekwa kwenye kompyuta au televisheni, hazina ulinzi huo.

Kwa mhudumu wa afya

Kijana akija na mvumo wa masikio, angalia kwanza nta na maambukizi ya sikio la kati, kisha omba kuona kumbukumbu za usikilizaji kwenye simu yake kabla ya kumwuliza husikiliza kwa sauti gani, kwani wengi hujikadiria chini. Kama kipimo cha usikivu kinapatikana, tazama sauti nyembamba: madhara ya kelele huanza kwa shimo kati ya hezi 3,000 na 6,000, mara nyingi karibu na 4,000, huku mazungumzo ya kawaida yakiwa bado yanasikika vyema. Ndiyo maana mgonjwa na mzazi huchelewa kutambua.

Mvumo unaodumu zaidi ya siku moja baada ya kelele, au unaorudi kila wiki, unahitaji kupimwa. Usikivu ukipotea ghafla, hata kwa sikio moja na bila maumivu, hiyo ni dharura: mgonjwa apelekwe kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo, kwa sababu tiba huwa na nafasi nzuri zaidi ikianza mapema.