Kichwa cha Nyoka Kisitudanganye

Siku hizi mtu akiumwa na nyoka, ndugu zake mara nyingi hufika zahanati na picha ya simu. Ni msaada mzuri, lakini wengi wetu hutazama kichwa tu: kikiwa cha pembetatu tunasema ana sumu, kikiwa chembamba tunasema hana. Kanuni hiyo imetokana na kifutu, ambaye kichwa chake ni kipana na kina tezi kubwa za sumu. Koboko na swila hawana kichwa cha namna hiyo, na sumu yao huua.

Tuchukue picha mbili. Katika ya kwanza, nyoka wa kahawia mwenye mabaka meusi mgongoni amejikunja bandani mwa kuku, na kichwa chake ni cha pembetatu. Huyu ni nyoka mla mayai, asiye na sumu. Akitishwa hutanua taya ili afanane na kifutu, na husugua magamba yake mpaka yatoe sauti ya kukwaruza.

Katika ya pili, nyoka mwembamba wa kijani yuko mtini, na kichwa chake ni kidogo cha mviringo. Huyu ni bumslangi. Meno yake ya sumu yako nyuma kidogo kinywani, na sumu yake huzuia damu kuganda. Aliyeumwa aweza kukaa saa nyingi akijiona mzima, kisha akaanza kutoka damu kwenye fizi. Mwaka 1957 huko Chikago, mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aliumwa na bumslangi mchanga aliyeletewa amtambue. Hakudhani hatari ni kubwa. Kesho yake alifariki.

Basi tutazame nini? Wako nyoka wengi wa kijani wasio na sumu. Bumslangi ana jicho kubwa mno kwenye kichwa kifupi, na kila gamba la mgongoni lina mstari ulioinuka katikati. Wengi wa wale wasio na sumu wana magamba laini yanayong'aa. Picha iliyofifia haionyeshi magamba. Hapo tumhesabu nyoka huyo kuwa ana sumu.

Picha ipigwe kutoka mbali, bila kumfukuza nyoka. Mgonjwa asichanjwe wala kufungwa kamba. Atulie, apelekwe hospitali hata kama hasikii maumivu. Huko huweza kutiwa damu yake, kama mililita 2, katika kichupa cha kioo kisafi na kikavu, kisha kuachwa dakika 20 bila kutikiswa. Ikiwa bado ni majimaji, sumu inafanya kazi mwilini. Ikiwa imeganda, mgonjwa asiruhusiwe upesi, kipimo kirudiwe. Nayo sumu ya koboko haionekani kwa kipimo hiki: dalili zake ni kope kulegea, kushindwa kumeza na kupumua kwa shida.