Cheti cha Afya na Faili la Mgonjwa: Upimaji Kabla ya Kazi Katika Viwanda vya Mbao vya Njombe na Makambako

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kwa kuzingatia kazi atakayoifanya. Kwa sababu hiyo daktari wa afya kazini, yaani tabibu aliyebobea katika madhara yanayotokana na kazi, huanza kwa kuuliza kuhusu kazi yenyewe kabla ya kuuliza kuhusu mwili. Kijana anayeomba kusimama kwenye msumeno wa kupasulia mbao Makambako atakutana na kelele na vumbi, hivyo kinachopimwa hasa ni masikio na mapafu yake.

Katika kupima masikio, muuguzi humvalisha spika za masikioni katika chumba kimya na kumsikilizisha sauti nyembamba na nzito, sikio moja baada ya jingine. Iwapo sauti ya hezi 1,000 anaisikia kwenye desibeli 15, lakini ile ya hezi 4,000 haisikii mpaka ifike desibeli 45, daktari hushuku kuwa kelele za kiwanda alichotoka zimekwisha kumdhuru. Kipimo hicho hakiaminiki iwapo mpimwaji ametoka kazini saa hiyo hiyo, kwa kuwa kelele huziba usikivu kwa muda. Ndiyo maana hutakiwa kupumzika mbali na kelele tangu jana yake. Matokeo ya siku hiyo ndiyo msingi wa kulinganishia miaka ijayo, na yakikosekana ni vigumu kuthibitisha mbele ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwamba uziwi uliozuka baadaye ulitokana na kazi.

Hata hivyo, mwajiri hapelekewi namba hizo. Anachopokea ni cheti kinachosema kwamba mhusika anafaa, hafai, au anafaa kwa masharti, kwa mfano avae vizuia kelele na apimwe tena baada ya mwaka mmoja. Jina la ugonjwa, dawa na majibu ya maabara hubaki katika faili la kliniki, ambalo meneja na afisa utumishi hawana ruhusa ya kulifungua.

Mpaka huo una uzito wa pekee Njombe, mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliukuta na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI hairuhusu kumlazimisha mtu apime VVU ili aajiriwe, na anayetumia dawa ipasavyo hupasua mbao kama mwenzake yeyote. Lakini siri haivuji kwa maneno pekee: barua ya ruhusa iliyopigwa mhuri wa kliniki ya tiba na matunzo husomwa na karani, kisha na msimamizi wa zamu, na kabla ya jioni kiwanda kizima kimejua. Muuguzi makini huandika tu kwamba mfanyakazi anahitaji ruhusa ya matibabu siku fulani, na meneja akitaka kujua zaidi, humjibu kwamba idhini ya maandishi ya mfanyakazi inahitajika kwanza.