SOMO: Tulivyowachunguza wenye mashine za kusaga kabla ya kufungua yetu

Ndugu wafanyakazi, wenzetu wa matawi mengine wametuuliza mara nyingi: mliwezaje kuanzisha ushirika wa kusaga mahindi hapa Toro, magharibi ya Uganda, wakati penye njia panda ya shamba la chai tayari palikuwa na mashine tatu? Swali ni la haki. Fedha tuliyoweka ilikuwa akiba ya wachuma chai wa miaka mingi, na kama ingepotea isingerudi. Basi tutaeleza jinsi tulivyowachunguza wale watatu, na pale tulipokosea. Tutawaita wa langoni, wa barabarani na wa mtoni.

Katika mkutano wa kwanza kila mtu alisema mashine zote zinaiba unga. Sisi tunaolipwa kwa kilo za majani tunayajua maneno ya mizani, na tunajua pia kwamba malalamiko bila kipimo hayamshindi mtu. Tulinunua gunia moja la mahindi makavu, tukayapima kilo 10 kumi kwa mizani yetu wenyewe, tukawapa watu watatu wasiojulikana kuwa ni wa kamati. Waliambiwa waombe unga wa dona, bila kukoboa, kwa sababu ukikoboa pumba hutoka nyingi, pengine robo ya uzito, na hapo huwezi kulinganisha mashine na mashine. Dona ya kilo 10 hurudi karibu yote. Kinachopotea kwa vumbi na kwa unyevu kukauka ni gramu mia moja au mia mbili tu.

Wa langoni alirudisha kilo 9 na robo. Wa barabarani naye hivyo hivyo. Wa mtoni alirudisha 9 na gramu mia nane. Tulifurahi, tukasema wezi wawili wameonekana.

Hapo ndipo tulipokosea. Mzee mmoja aliyewahi kuendesha mashine alituuliza, mlikwenda saa ngapi? Kwa wa langoni tulikuwa wa kwanza asubuhi. Akatueleza kwamba mashine ya nyundo inapoanza ni tupu: unga wa kwanza huingia katika pembe zake na kushika katika mfuko mrefu wa kitambaa unaotolea unga. Wa kwanza huacha unga wake ndani, na anayemfuata hupata wa aliyetangulia. Tukarudia upimaji saa sita mchana, katikati ya foleni. Wa langoni sasa akarudisha 9 na gramu mia nane. Wa barabarani akabaki pale pale, 9 na robo. Mtu wetu akatazama vizuri akaona mfuko wake umefungwa fundo kati, haukung'utwi hata mara moja, na jioni unafunguliwa na kufagiwa. Kumbe kasoro ya kweli ilikuwa ya mtu mmoja, si ya wawili. Tungepima mara moja tu, tungekuwa tumemsingizia jirani.

Lakini wa barabarani ndiye aliyekuwa na watu wengi kuliko wote! Jambo hili lilitusumbua zaidi ya mizani. Mwenzetu mmoja alikaa kwa fundi viatu tangu Jumatatu hadi Jumamosi, akipiga mistari katika daftari: nani amekuja, na mzigo gani, na nani amegeuka bila kusaga. Tuliyoyaona ni haya. Wa barabarani anakopesha kusaga mpaka siku ya mshahara. Watu walijua wanapunjwa, lakini wiki ya tatu ya mwezi mfukoni hamna kitu. Unga pungufu leo ni afadhali kuliko unga kamili wa mwisho wa mwezi. Ndugu msomaji, ukimchunguza mwenzako usitafute ubaya wake tu. Uliza kwa nini watu wanauvumilia.

Tulibishana sana kama na sisi tukopeshe. Wengine walikumbusha habari ya wafumaji wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwezi Disemba 1844 katika mji wenye vyakula vilivyochanganywa uchafu na vipimo pungufu. Wao waliuza vitu vichache tu, unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa, tena safi na kwa kipimo kamili, lakini kwa fedha taslimu. Na mwanzoni walifungua jioni za Jumatatu na Jumamosi tu, saa ambazo mfanyakazi amekwisha toka kazini. Tuliona kwamba kwa akiba yetu ndogo, mkopo wa miezi miwili ungezima injini kwa kukosa dizeli. Tukaamua kutokopesha, tukijua wazi kwamba wadaiwa wa barabarani hatutawapata.

Basi nafasi yetu ilikuwa wapi? Ilikuwa katika ile mistari ya waliogeuka. Karibu wote walikuwa watu wa kiwandani, wanaotoka zamu saa kumi na mbili jioni, na mizigo yao ilikuwa midogo, kilo tatu au tano. Mashine zote hufungwa saa hiyo hiyo. Na mchana zote hutoza kwa debe: debe lililosawazishwa ni kama kilo 15, lakini mwenye kilo tano naye hulipa debe zima.

Hapa pia hatukukimbilia kusema wenzetu ni wajinga. Tuliwauliza. Wa mtoni alitueleza bila kificho kwamba usiku anaogopa kurudi nyumbani na fedha. Na kuhusu mizigo midogo alisema: nusu kilo ikibaki ndani ya mashine, mwenye debe haoni, lakini mwenye kilo tatu atapiga kelele, na kung'uta mfuko kwa kila mtu foleni haiendi. Sababu hizo zingetubana na sisi vile vile. Anayeingia na kusema "nitafungua usiku" bila kuziondoa, atafunga mwezi wa pili.

Mama mmoja mchuma chai ndiye aliyetoa njia. Kwa nini tusage usiku? Tusage mchana, mfululizo, na jioni tubadilishe tu: mtu alete mahindi yake, yapimwe, apewe unga uliokwisha sagwa, tukikata gramu mia mbili kwa kila kilo 10. Kinachohitajika jioni ni mizani na taa. Ada hulipwa mchana ofisini kwa kununua kikaratasi, hivyo jioni hakuna fedha ya kuibiwa.

Ubaya wa njia hii ni kwamba mtu hali mahindi yake mwenyewe, na mwenye mahindi mabichi huondoka na unga mkavu wa mwenzake. Kwa hiyo mlangoni tuna chupa kavu ya kioo yenye chumvi kavu. Tunatia mahindi kama theluthi ya chupa, tunatikisa, tunaacha yatulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi yana maji, na mwenyewe huambiwa akayaanike. Wiki za kwanza palikuwa na ugomvi mlangoni karibu kila siku. Wako waliokasirika wakaondoka na hawajarudi hadi leo.

Kabla ya mwezi kwisha wa barabarani alinunua mizani na kufungua lile fundo la mfuko. Kama tungetegemea kipimo kamili peke yake, siku hiyo tungebaki bila tofauti yoyote. Mkopo wake unaendelea, na wateja wake wa wiki ya tatu wako naye. Watu wa zamu ya kiwanda wanakuja kwetu, na siku za mshahara foleni ya jioni hufika mpaka kwa fundi viatu.