Kabla ya Swali la Kwanza: Masharti ya Mazungumzo kati ya Mtaalamu wa Afya na Mwandishi wa Habari

Utangulizi

Katika mazungumzo ya wataalamu wa afya na waandishi wa habari kuna sentensi moja inayorudiwa sana: "Hili usiniandike." Sentensi hiyo hueleweka kwa namna mbili. Ya kwanza ni kwamba habari iandikwe, ila jina la msemaji lisitajwe. Ya pili ni kwamba habari yenyewe isiandikwe kabisa. Daktari akikusudia maana ya pili na mwandishi akasikia ya kwanza, kesho yake gazeti litamnukuu "mtumishi wa hospitali hiyo aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa jina". Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Wawili hao walitumia maneno yaleyale wakiwa na mikataba miwili tofauti vichwani.

Makala haya yanaeleza aina tatu za masharti yanayotumika katika taaluma ya habari, wakati ambapo sharti huwa halali, na namna ya kuyatumia katika mfano mmoja wa wodi ya watoto wachanga.

Aina tatu za masharti

Kila sharti hujibu maswali mawili: je, habari hii inaweza kuchapishwa? Na ikichapishwa, itahusishwa na nani?

Aina ya kwanza ni mazungumzo ya kutajwa. Mwandishi anaruhusiwa kuchapisha maneno ya msemaji pamoja na jina na cheo chake. Hii ndiyo hali ya kawaida. Mwandishi akishajitambulisha na chombo anachokifanyia kazi, na yasipotajwa masharti mengine, kila kinachosemwa ni cha kutajwa. Yamo pia maneno yanayosemwa wakati wa kusindikizana hadi getini baada ya kinasa sauti kuzimwa, na ujumbe wa simu unaotumwa usiku wa siku hiyo.

Aina ya pili ni mazungumzo ya usuli. Habari inaweza kuchapishwa, lakini jina halitajwi. Mahali pake huwekwa maelezo kama "daktari katika hospitali hiyo" au "ofisa wa afya mkoani humo". Maelezo hayo ni sehemu ya makubaliano, nayo hupangwa neno kwa neno. Vilevile hukubaliwa kama mwandishi atanukuu maneno yenyewe au atayaeleza kwa lugha yake, kwa kuwa namna ya kusema humfichua mtu. Upo pia usuli wa ndani zaidi, ambapo mwandishi hutumia habari bila kuonyesha kuwa imetoka kwa mtu yeyote.

Aina ya tatu ni mazungumzo yaliyo nje ya rekodi. Habari haichapishwi kwa kutegemea msemaji huyo, iwe kwa jina au bila jina. Hata hivyo, sharti hili halimzuii mwandishi kutafuta habari hiyohiyo kwa mtu mwingine na kuichapisha kutoka huko, isipokuwa wawili hao wamekubaliana kwa maneno dhahiri kwamba hatafanya hivyo. Ndiyo maana wahariri wengi hawalipendi: linawafunga mikono bila kuwapa cha kuchapisha.

Majina ya masharti haya hayana maana moja kwa watu wote. Shirika la habari la Associated Press, ambalo lina tafsiri zake rasmi, limekiri katika maadili yake kwamba watu hawakubaliani juu ya maana ya maneno haya. Kwa hiyo haitoshi kutaja jina la sharti. Tamka maana yake: "Unaweza kuandika habari hii, lakini uniite mtumishi wa sekta ya afya, na usininukuu moja kwa moja."

Sharti halirudi nyuma

Sharti huanza kufanya kazi baada ya pande zote mbili kulikubali, na hutawala maneno yanayofuata. Halifuti yaliyokwisha kusemwa.

Tukio la mwaka 2008 linaonyesha jambo hili. Samantha Power, aliyekuwa mshauri wa kampeni ya Barack Obama, alihojiwa na gazeti la Scotsman la Uskoti. Katikati ya mahojiano alitoa neno kali la kumdhalilisha Hillary Clinton, kisha papo hapo akasema kwamba hilo liwe nje ya rekodi. Gazeti lilichapisha yote, neno lenyewe na ombi lake, kwa hoja kwamba mahojiano yalikubaliwa tangu mwanzo kuwa ya kutajwa na kwamba mtu mmoja hawezi kubadilisha makubaliano peke yake. Power alijiuzulu nafasi yake katika kampeni hiyo.

Kesi ya Dan Cohen nchini Marekani inaonyesha upande wa pili. Mwaka 1982, wakati wa uchaguzi wa jimbo la Minnesota, Cohen aliwapa waandishi kumbukumbu za mahakama zilizomhusu mgombea wa upande wa upinzani wake. Safari hii masharti yaliombwa kabla, na waandishi waliahidi kutomtaja. Wahariri wa magazeti mawili waliamua vingine na kulichapisha jina lake, naye akapoteza kazi siku hiyohiyo. Mwaka 1991 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa majaji watano dhidi ya wanne, iliamua kwamba uhuru wa vyombo vya habari hauvizuii kudaiwa fidia kwa kuvunja ahadi ya namna hiyo. Hatimaye Cohen alipata fidia ya dola 200,000.

Fidia hiyo ilikuja miaka mingi baada ya kazi kupotea. Kwa mtaalamu anayehojiwa, funzo lake ni swali moja la kuuliza mapema: "Je, ahadi hii ni yako peke yako, au mhariri wako pia anaikubali?" Vyumba vingi vya habari humtaka mwandishi amjulishe mhariri chanzo chake ni nani. Hilo si baya, mradi msemaji alijue kabla ya kuzungumza.

Mfano: upungufu wa oksijeni

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi anampigia daktari bingwa wa watoto wachanga katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Amesikia kwamba mtambo wa kuzalisha oksijeni umeharibika. Daktari anaijua habari hiyo vizuri, naye anaamini wananchi wana haki ya kuijua.

"Shikamoo, Daktari. Ningependa kujua hali ya oksijeni hapo wodini."

"Marahaba. Kabla sijajibu, tukubaliane kwanza. Maelezo ya kitaalamu nitakupa kwa jina langu. Mambo ya hospitali yetu, kama nitayasema, yatakuwa ya usuli, na tutapanga utakavyoniita. Habari za mgonjwa mmoja mmoja sitazitoa. Unakubali?"

"Nakubali, Daktari."

Neno "nakubali" ni la lazima. Mwandishi akijibu "usijali" au "tupo pamoja", makubaliano hayajafanyika na swali lirudiwe.

Fungu la kwanza ni la kutajwa. Daktari anaeleza kwamba mapafu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hayajakomaa, na kwamba anapopewa oksijeni, kiwango katika damu yake hulengwa kuwa kati ya asilimia 90 na 95. Kikiwa chini mno maisha yake huwa hatarini. Kikiwa juu mno macho yake yanaweza kudhurika. Maelezo haya ni elimu ya jumla, na jina la bingwa huyapa uzito.

Fungu la pili ni la usuli: mtambo haufanyi kazi, wodi inategemea mitungi, na maombi ya vipuri yamekwisha kuandikwa. Mwandishi anapendekeza aandike "daktari bingwa wa watoto wachanga hospitalini hapo". Iwapo hospitali ina bingwa mmoja tu wa fani hiyo, maelezo hayo ni sawa na kumtaja. "Mtumishi wa hospitali hiyo" yanawahusu watu mamia, nayo bado yanamwonyesha msomaji kwamba chanzo kiko ndani. "Mtu anayeijua sekta ya afya" yanamficha zaidi, lakini msomaji hana sababu ya kuyaamini. Kipimo ni kuhesabu: maelezo haya yanawahusu watu wangapi?

Kisha iko hesabu ya pili ambayo wengi huisahau: ni wangapi wanaoijua habari yenyewe? Ikiwa barua ya pili ya kuomba vipuri ilisomwa na watu wanne, kutaja tarehe ya barua hiyo kutawaelekezea kidole wanne hao hata kama gazeti litaandika "mtumishi". Habari kwamba mtambo umesimama, kwa upande mwingine, inajulikana na kila muuguzi wa zamu. Daktari atatoa hiyo na kuiacha barua.

Maelezo yanayokubaliwa hayana budi kuwa ya kweli. Daktari hawezi kuitwa "mzazi mwenye mtoto wodini" ili afichike zaidi, kwa kuwa hapo msomaji atakuwa amedanganywa.

Fungu la tatu ni mtoto aliyefariki usiku wa Jumatatu. Hili halimo katika sharti lolote, hata nje ya rekodi. Siri hiyo ni ya mama wa mtoto, hivyo daktari hana cha kuiwekea masharti. Kuficha jina hakusaidii: "pacha aliyezaliwa wiki ya 28 na kufariki Jumatatu" anatambulika na kijiji kizima. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Mama mwenyewe akitaka kuzungumza na mwandishi, huo ni uamuzi wake.

Kuhama kutoka fungu moja kwenda jingine hutangazwa kwa sauti: "Sasa tunaingia kwenye usuli," na baadaye, "Sasa tumerudi kwenye ya kutajwa." Mwishoni daktari anamwomba mwandishi amsomee maneno atakayomwitia pamoja na nukuu zilizo chini ya jina lake. Kuthibitisha kwa ujumbe mfupi ni vizuri kwa sehemu ya kutajwa. Kwa sehemu ya usuli, ujumbe huo unaweza kuwa ushahidi wa kwamba alizungumza, hasa ukipita katika barua pepe ya ofisi.

Mipaka ya makubaliano

Makubaliano haya yanamfunga mwandishi na chombo chake. Hayaondoi taratibu za utumishi kuhusu nani anayeisemea taasisi, wala hayamzuii mwajiri kuuliza. Mwandishi anaweza kuahidi kutomtaja msemaji. Hawezi kuahidi kwamba hakuna atakayemgundua, wala kwamba chombo cha sheria hakitaulizia chanzo chake.

Kwa hiyo, kabla ya swali la kwanza kujibiwa, mambo manne yawe yametamkwa na pande zote mbili: kama habari itachapishwa, msemaji ataitwaje, atanukuliwa au la, na nani mwingine katika chumba cha habari atakayelijua jina lake. Likikosekana jibu la mojawapo, msemaji ahesabu kwamba anazungumza kwa jina lake, na achague maneno yake kulingana na hilo.